Mali bila daftari: andika maagizo yako kwanza kwenye madokezo

Jioni ile nilikuwa Ivuna, nimekaa barazani kwa zaidi ya saa nzima nikiandika kwa kidole gumba. Nilikuwa naandaa kifungu cha kusoma kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili, na nilitaka akili mnemba inisaidie kukipanga. Maagizo yangu, yale ambayo vijana wanayaita prompti, yalikuwa yamefika karibu maneno mia sita. Ndani yake mlikuwa na habari za kimondo cha Ivuna, habari za chumvi, na maelezo ya mzee mmoja aliyenihadithia mchana ule jinsi wazazi wake walivyokuwa wakichemsha maji ya chumvi: nani alikusanya kuni, nani alikaa motoni, na vyungu vilitengwa vipi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha likaja neno la kwamba mtandao haupatikani. Maandishi yangu yalikuwa bado yanaonekana, nikatulia. Wakati nikingoja nikafungua kamera nipige picha ya ukurasa wa daftari nililoliazima. Niliporudi, ukurasa ukajipakia upya mbele ya macho yangu. Kisanduku kilikuwa cheupe.

Habari za kimondo ningezipata tena vitabuni. Maneno ya mzee sikuweza kuyapata yote. Kesho yake nilimfuata, akanieleza tena kwa ukarimu, lakini safari hii alieleza mengine, na kwa mpangilio mwingine. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao nataka kuutetea hapa: maagizo marefu yasiandikwe kamwe ndani ya kisanduku cha mtandaoni. Yaandikwe kwanza kwenye programu ya madokezo iliyomo ndani ya simu au kompyuta, yakamilike huko, ndipo yanakiliwe na kubandikwa.

Kwa nini kisanduku hakiaminiki? Kile kisanduku tunachokiona kwenye kivinjari ni sehemu ya ukurasa uliofunguliwa kwa muda. Herufi tunazoandika hukaa katika kumbukumbu ya muda ya simu, ile inayofutika kifaa kikizimika. Hazijaingia kwenye hifadhi ya simu, na hazijafika kwenye kompyuta ya mbali inayotoa majibu. Mpaka utume na upokelewe, maandishi yako yako kati ya nyumba mbili, hayana makao. Zamani hakuna aliyekwenda posta kuandika barua ya kurasa nne akiwa amesimama dirishani, watu nyuma wakimsubiri. Barua iliandikwa nyumbani, ikasomwa mara mbili, ndipo ikapelekwa. Kisanduku ni dirisha la posta.

Watu wengi hudhani adui ni umeme peke yake. Kwa anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, ni kweli: umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha, kioo huwa cheusi na kazi imekwenda. Lakini wengi wetu vijijini tunaandika kwa simu, na simu ina betri yake. Huku kwetu umeme hutuumiza kwa njia ya pili. Mnara wa simu nao unahitaji umeme. Umeme ukikatika, mnara huendelea kwa betri au jenereta, na akiba hiyo ikiisha, mtandao hudhoofika au hupotea kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na simu iliyojaa chaji, bando halijaguswa, na bado asiweze kutuma mstari mmoja.

Mtandao nao unaweza kuharibikia mbali kabisa na sisi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Hakuna fundi wa Tunduma wala wa Vwawa ambaye angeweza kututengenezea hilo. Aliyekuwa na maandishi yake kwenye simu siku ile alichelewa tu.

Adui wa tatu ndiye aliyenipata mimi, na ndiye asiyejulikana. Simu nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu ya muda ndogo, GB 2 au 3. Ukifungua kamera, au ukiingia kwenye programu nyingine nzito, mfumo wa simu hutafuta nafasi kwa kuvifunga kimyakimya vilivyoko nyuma. Kichupo cha kivinjari ni miongoni mwa vinavyoondolewa mapema. Ukirudi, kivinjari hulazimika kuupakia ukurasa upya kutoka mtandaoni, na ukurasa mpya hauna habari za ulichokuwa umeandika. Dalili yake ni hii: ukirudi kwenye kichupo na kuona ukurasa unaanza kufunguka kama mara ya kwanza, jua kwamba kilichokuwa kisandukuni huenda hakipo. Hapo hakuna umeme uliokatika wala mtandao uliopotea. Simu imejitafutia nafasi tu.

Wa nne huwapata wanaotumia kompyuta. Katika huduma nyingi za akili mnemba, kitufe cha Enter hutuma ujumbe badala ya kuanza mstari mpya. Mtu amezoea kuandika barua, anamaliza aya ya kwanza, anabonyeza Enter, na maagizo nusu yanaondoka. Majibu yanakuja ya nusu hiyo, bando linaliwa, na ujumbe mmoja kati ya zile chache za bure umepotea. Kwenye madokezo, Enter ni mstari mpya tu. Unaweza kuacha aya, kurudi juu, kufuta na kupanga bila hofu ya kutuma kabla ya wakati.

Sasa nieleze ninavyofanya, kwa mfano wa kifungu kilekile cha Ivuna.

Nafungua dokezo jipya na kuliandikia jina na namba: IVUNA 1. Kisha naligawa sehemu nne: wasomaji ni nani, ukweli ninaoujua, kazi ninayotaka ifanywe, na masharti. Sehemu ya ukweli ndiyo ninayoiandika kwa siku kadhaa. Naongeza mstari nikiwa kwenye bodaboda imesimama, nikiwa gulioni, nikiwa nimekaa na mzee. Sihitaji mtandao wala bando kwa hilo. Hili ni dokezo langu la pili, baada ya masahihisho:

IVUNA 2, kifungu cha kusoma

Wasomaji: wanafunzi wa Kidato cha Pili, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe.

Ukweli: Kimondo kilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938. Uzito wake ni takribani gramu 705. Wanasayansi wamekiweka katika kundi liitwalo CI. Herufi I imetokana na jina Ivuna. Vimondo vya kundi hili ni adimu sana, na mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana na ule wa Jua, ukiondoa gesi. Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta duniani takribani gramu 5.4 za vumbi na mawe kutoka kwenye sayari ndogo Ryugu, na wataalamu wakaona vinafanana na kundi la Ivuna. Kimondo hiki si kile cha Mbozi, ambacho ni cha chuma na kina uzito wa tani nyingi.

Kazi: andika kifungu cha maneno 350 na maswali matano ya ufahamu.

Masharti: Kiswahili sanifu, sentensi fupi. Usiongeze tarehe wala jina ambalo sikulitaja. Mahali ambapo habari haitoshi, andika JAZA.

MWISHO WA MAAGIZO

Mstari kuhusu Mbozi haukuwamo katika IVUNA 1. Niliuongeza siku ya pili, nilipokuwa nalisoma dokezo asubuhi kwa macho mapya. Mkoa wetu una vimondo viwili mashuhuri, na hata sisi wenyeji tunavichanganya. Kama ningeandika kisandukuni kwa haraka, betri ikiwa asilimia tisa, nisingekumbuka kuonya. Haraka ya kuuwahi mtandao huiba mambo kama hayo, na hakuna ujumbe wa hitilafu unaokuja kukuambia kwamba umeyasahau.

Mstari wa mwisho kabisa, MWISHO WA MAAGIZO, una kazi yake. Visanduku vingine vina ukomo wa herufi, na maandishi marefu yakibandikwa mkia wake hukatwa bila taarifa. Wakati mwingine ni kidole kimeteleza wakati wa kuchagua maandishi. Nikishabandika, natelezesha hadi chini. Nikiuona mstari huo, najua yote yameingia. Nisipouona, narudi kunakili upya. Ukaguzi huo unachukua sekunde tatu.

Kisha nangoja mtandao utulie. Mimi huona alfajiri inafaa, kabla watu wengi hawajaamka na kuanza kutumia mnara mmoja. Nanakili, nabandika, nakagua mkia, natuma. Kazi nzima ya mtandaoni haifiki dakika mbili. Ukitaka kipimo cha faida ya njia hii, ni hicho: muda ambao maandishi yako yako hatarini umepungua kutoka saa nzima hadi dakika mbili, na hata zikiharibika dakika hizo, nakala iko pale pale.

Utumaji ukishindikana, usibonyeze kitufe mara kumi. Wakati mwingine ujumbe umefika na ni majibu tu yaliyokwama njiani. Ukituma tena na tena unajaza maswali yaleyale na kumaliza nafasi zako za bure. Pakia ukurasa upya, tazama kwenye orodha ya mazungumzo kama swali lako limo, na kama halimo ndipo ubandike tena. Mwenye dokezo anaweza kupakia ukurasa upya bila moyo kwenda mbio. Asiye na dokezo anabaki amekodolea kioo, anaogopa kugusa chochote.

Programu gani itumike? Yoyote inayohifadhi ndani ya kifaa chenyewe wakati unaandika. Google Keep iko kwenye simu nyingi za Android, na iPhone inakuja na yake iitwayo Notes. Zote mbili zinaandika bila mtandao na kujihifadhi zenyewe. Lakini angalia: Keep ya programu iliyosakinishwa kwenye simu na Keep iliyofunguliwa kwa kivinjari si kitu kimoja. Ile ya kivinjari ni ukurasa wa mtandaoni kama kisanduku tunachokikimbia. Anayetumia Word kwenye kompyuta akumbuke kwamba kwa kawaida inaweka nakala ya uokoaji kila baada ya dakika 10, na dakika 10 za mwalimu aliyekolea ni aya nzima. Kwenye mipangilio unaweza kuishusha hadi dakika 1. Na ubonyeze Ctrl+S kila unapoweka nukta ya aya.

Usiamini maneno yangu, wala ya fundi aliyekuuzia simu. Jaribu mwenyewe. Washa hali ya ndegeni ili simu isiwe na mtandao wowote. Fungua programu yako ya madokezo, andika mistari mitatu. Bila kubonyeza kitufe chochote cha kuhifadhi, izime simu kisha uiwashe, hali ya ndegeni ikiwa bado imewashwa. Fungua tena. Mistari ikiwapo, umepata daftari. Isipokuwapo, au programu ikidai mtandao ndipo ifunguke, tafuta nyingine.

Wapo wanaofanya nusu ya njia hii na kudhani wamesalimika. Wanaandika kisandukuni, na kabla ya kutuma wananakili maandishi yote, wakisema yakipotea watayabandika. Ni afadhali kuliko kutofanya kitu, lakini ubao wa kunakili ni kiganja tu, hauna mfuko. Ukinakili kitu kingine, hata namba ya simu, kile cha kwanza kimeondoka. Kibodi ya Gboard inaweza kukumbuka vitu kadhaa ulivyonakili, lakini usipovibana huvifuta baada ya saa 1. Simu ikizimika kwa kuishiwa chaji, usitegemee kuvikuta. Kunakili ni njia ya kusafirisha, kuhifadhi ni jambo jingine.

Najua hoja itakayoletwa. Watu watasema programu za siku hizi zimeboreshwa, nyingine hukumbuka rasimu yako hata ukiifunga. Ni kweli, baadhi zinafanya hivyo. Lakini mtumiaji hana namna rahisi ya kujua ni ipi na kwa muda gani, na toleo jipya linaweza kubadilisha tabia hiyo wakati umelala. Tena rasimu hiyo imefungwa ndani ya huduma ile ile moja. Huduma ikigoma kufunguka, ikidai uingie upya kwa nenosiri, au ukimaliza nafasi zako za bure za siku, maandishi yako yamefungiwa chumba ambacho ufunguo si wako. Dokezo lililo kwenye simu yako unaweza kulipeleka kwenye huduma yoyote, au ukampa mwenzako binadamu akasoma na kukusaidia. Yale maelezo ya mzee kuhusu chumvi yana thamani hata kama hakuna mashine itakayoyasoma.

Jibu nalo lihifadhiwe. Nikishapata kifungu ninachokitaka, nakinakili mara moja na kukibandika chini ya maagizo kwenye dokezo lile lile. Hivyo siku mtandao haupo bado naweza kukinakili ubaoni. Na nikitaka kuandaa kifungu cha chumvi kwa mtindo uleule, nachukua nakala ya IVUNA 2, nabadilisha sehemu ya ukweli, naiita IVUNA 3. Toleo la zamani silifuti. Mara nyingi nimegundua kwamba toleo la kwanza lilikuwa na sentensi bora kuliko la tatu.

Njia hii ina mipaka, na ni haki niiseme. Dokezo lililo ndani ya simu moja tu linapotea pamoja na simu. Ikidondoka mtoni au ikiibiwa stendi ya Tunduma, umerudi pale pale. Kwa hiyo kila unapopata mtandao, iache programu ioanishe nakala na akaunti yako, au ujitumie dokezo kwenye WhatsApp yako mwenyewe. Na usihariri dokezo moja kwenye vifaa viwili wakati vyote havina mtandao, kwa sababu vikikutana mabadiliko ya kimoja yanaweza kufunika ya kingine.

Mpaka wa pili ni wa siri za watu. Katika familia zetu simu moja hushikwa na watu wengi, na dokezo hukaa wazi kuliko mazungumzo yaliyofichwa nyuma ya nenosiri. Namba za NIDA, majina ya wanafunzi wenye matatizo, habari za wagonjwa, zisiandikwe humo, na zisipelekwe kwa akili mnemba pia. Mimi huandika Mwanafunzi A, Mwanafunzi B, na majina halisi nayaacha kwenye daftari la karatasi kabatini.

Swali fupi, la mstari mmoja au miwili, halihitaji haya yote. Liandike kisandukuni na ulitume. Likipotea utaliandika tena. Kanuni yangu ni hii: kama kuyaandika upya kutanichukua zaidi ya dakika 5, au kama ndani yake mna maneno ya mtu ambaye siwezi kumwuliza mara mbili, yanaanzia kwenye madokezo.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumza na mfanyabiashara, na mimi naiona mali hiyo kwenye simu ya mwalimu, ya katibu wa kikundi anayeandaa andiko la mkopo, ya mganga wa zahanati anayeandaa ripoti ya robo mwaka. Ombi langu ni kwa wanaotoa mafunzo ya kompyuta na akili mnemba, kuanzia Vwawa hadi Chitete na kwingineko. Siku ya kwanza, kabla ya kuonyesha mashine inavyojibu, waambieni washiriki wote wawashe hali ya ndegeni, wafungue madokezo, waandike maagizo yao yote hadi mstari wa mwisho. Mtandao uwashwe baadaye.